Fundi Jicho na Manjano ya Mwanawe

Jina alilopewa na wazazi alikuwa nalo, lakini tangu aanze kazi ya kupaka rangi hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Jicho, na jina likamkaa. Mpelekee kipande cha bati kilichobanduka kwenye mlango wa duka, rangi yenyewe imeshapauka kwa jua la miaka kumi, yeye atakiinua juu, atafumba jicho moja, ataenda kwenye makopo yake na kuanza kukoroga. Baada ya robo saa utapaka pale palipobanduka, na kesho yake hutakumbuka palikuwa wapi. Hakupima kwa kijiko wala kwa mizani. Mafundi wenzake waliotembea na kadi za rangi za dukani aliwatania bila huruma. "Kadi ni za wasioona," alikuwa akisema, na hapo alijisikia, tena alijisikia sana.

Tumsamehe kidogo. Mtu akisifiwa kwa jambo moja tangu ndevu hazijamwota, mwisho hulitegemea kwa kila kitu. Jicho alichagua nyanya kwa jicho, alipima urefu wa mlango kwa jicho, na mkewe hupenda kusema kwamba hata yeye alichaguliwa hivyo hivyo, akiwa upande wa pili wa barabara, kabla hajafungua mdomo.

Mkewe alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, Jicho alikipaka upya chumba cha kulala. Alikoroga njano laini kama siagi, akapaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, akafungua madirisha siku nne mpaka harufu ikaisha. Mtoto alizaliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, binti, mimba imetimiza miezi yake, kilo tatu na kidogo, mapafu kama kengele ya shule. Jioni ile ile mama na mtoto wakaruhusiwa, kwa sababu wodi ilikuwa imefurika na wao walionekana wazima. Mama mkwe wa Jicho alikuwa ameshafika na kikapu chake kuwalea.

Asubuhi ya pili mama mkwe alikuwa akimfuta mtoto kwa maji ya uvuguvugu karibu na dirisha la chumba kile. Jicho alikuwa mlangoni anafunga viatu vya kazi.

"Baba," mama mkwe akamwita, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kuudhi nyumbani kwa watu, "hebu njoo utazame. Ni macho yangu ya uzee, au huyu ana umanjano usoni?"

Jicho akaja, akainama, akatabasamu. "Mama, huo ni ukuta."

"Ukuta?"

"Ukuta wa rangi hutupa rangi yake kwa kila kilicho karibu. Tazama." Akachukua nepi nyeupe iliyofuliwa, akaisogeza ukutani, na kweli nepi ikapata umanjano kama iliyochovywa chai nyepesi. Akaitoa, ikawa nyeupe tena. "Umeona? Mtoto mzima kabisa. Sisi watu wa rangi haya mambo tunayajua."

Alilosema lilikuwa kweli, na ndiyo shida yenyewe. Angesema uongo, mama mkwe angembishia. Lakini alisema jambo la kweli la kazi yake, tena kwa heshima na kwa mfano, na yule mama aliyelea watoto sita akamfunga mjukuu kwenye shuka lake na kunyamaza. Jicho akaenda kazini.

Siku ile alikuwa anapaka ngazi za jengo la ofisi. Alasiri simu ikaita mfukoni, akaipokea kwa vidole viwili ili asiichafue. Mkewe hakumsalimu.

"Mtoto hataki kunyonya," alisema. "Analala tu. Nikimtia titi anavuta mara mbili, linamtoka mdomoni, analala tena. Mama amemtoa barazani, nje kabisa, hakuna ukuta wala nini. Ni wa manjano, baba yake. Ni wa manjano mpaka tumboni."

Jicho aliacha brashi juu ya kopo. Kwa fundi kama yeye hilo ni kosa, brashi hukauka ikafa, lakini hakukumbuka kopo wala brashi mpaka keshokutwa yake.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mnene mwenye mwendo wa polepole, ule mwendo unaomtia wazimu mtu mwenye haraka. Akamlaza mtoto karibu na dirisha, akamvua, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya pua, kifuani, tumboni, kila mahali akiachia na kutazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Akafunua mdomo akatazama fizi. Kisha akauliza, "Amezaliwa lini?"

"Jana," Jicho akajibu.

"Jana saa ngapi?"

"Dada, mtoto anaumwa, saa ya nini?"

"Saa ngapi, baba?" muuguzi akarudia, wala hakupandisha sauti.

"Saa mbili asubuhi," mkewe akasema. Muuguzi akatazama saa ya ukutani, akahesabu kimoyomoyo, akaandika: masaa thelathini na matatu. Akamchoma mtoto kisigino, akakamua damu kwenye kichupa chembamba, akachukua na damu ya mama. Mtoto alilia kidogo tu, kilio cha uvivu, na mkewe akalia badala yake.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini wakisubiri maabara. Pembeni yao alikuwa mama mmoja muuza mitumba, mchangamfu, na mwanawe wa kiume wa siku tano mikononi. Naye alikuja kwa manjano. Mtoto wake alikuwa amelishika titi kama mdai. Baada ya muda daktari wa watoto akatoka na karatasi, mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Akamwambia muuza mitumba: "Kipimo cha manjano cha mwanao ni kumi na tano. Ananyonya, anakojoa, choo kimeshakuwa cha njano. Nenda nyumbani, endelea kumnyonyesha, keshokutwa umrudishe nimwone." Yule mama akashukuru, akamfunga mwanawe, akaenda zake.

Nusu saa baadaye daktari akawaita Jicho na mkewe chumbani kwake. "Wa kwenu ana kumi na tano," alisema. "Tunamlaza sasa hivi. Kitanda cha taa kinaandaliwa."

Jicho alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa na hofu, na hofu kwa wanaume wa aina yake hutoka kama hasira. "Daktari, samahani. Yule mama wa pale nje ulimwambia kumi na tano, ukampeleka nyumbani. Sisi kumi na tano ile ile unatulaza. Tuna nini sisi?"

Mkewe akamvuta shati. Daktari hakukasirika. Alikuwa ameshaulizwa swali hilo na watu wengi, na kila alipoulizwa alilipenda, kwa maana mzazi anayeuliza hivyo huwa amesikiliza. Akavuta kiti.

"Umeuliza vizuri, baba. Kwanza tujue tunapima nini. Damu ina chembe nyekundu, na chembe zikizeeka huvunjika. Zikivunjika hutoa taka ya rangi ya manjano, inaitwa bilirubini. Mimi na wewe tunayo, ini letu linaiandaa, inatoka na choo. Mtoto akiwa tumboni, kondo la mama lilimfanyia kazi hiyo. Akizaliwa, ini lake ndiyo kwanza linajifunza kazi, na chembe za kuvunjika anazo nyingi. Kwa hiyo watoto wengi, wengi kabisa, wanapata manjano siku ya pili au ya tatu, inapanda, inashuka, basi. Yule wa nje ni hao."

"Na huyu?"

"Chukua ndoo mbili. Zote zimejaa maji mpaka nusu. Moja imechukua siku tano kufika hapo, nyingine siku moja na kidogo. Ukiangalia maji ni sawa. Utaogopa ipi?"

Jicho aliiona ile ndoo ya pili, na bomba lake.

Daktari akafungua droo, akatoa karatasi yenye mistari. "Hapa chini ni umri wa mtoto, kwa masaa, si kwa siku. Siku za mwanzo kila saa ina maana, ndiyo maana muuguzi alikusumbua. Huku pembeni ni kiwango cha bilirubini. Na huu mstari unaopanda ndio mpaka wa kuanza matibabu. Unaona unaanzia chini, unapanda kadiri mtoto anavyokua, mpaka kwenye siku ya nne, ya tano unalala. Mtoto wa siku tano mwenye kumi na tano," akaweka nukta kwa kalamu, "yuko huku, chini sana ya mstari. Wa kwenu, masaa thelathini na matatu," akaweka nyingine, "yuko hapa. Ameshauvuka."

Mkewe akaiangalia ile nukta ya pili iliyokaa juu ya mstari peke yake, akaziba mdomo kwa mkono.

"Tena mstari si mmoja," daktari akaendelea taratibu. "Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake huwa na mstari wa chini zaidi. Aliyetimiza miezi lakini ana kitu kinachovunja damu yake, naye wake unashuka; wa kwenu siku ya tano unalala kwenye kumi na nane. Mama, wewe kundi lako la damu ni O. Mtoto amechukua B."

"B ni yangu," Jicho akasema.

"Ni yako. Mwili wa mama wa kundi O huwa na kinga dhidi ya B. Mara nyingi haileti neno. Safari hii kinga hiyo imevuka ikaingia kwa mtoto, imeshika chembe zake na inazivunja haraka. Kipimo cha damu yake kimeionyesha. Ndiyo bomba lenyewe hilo."

"Ina maana ni mimi," mkewe akasema. "Damu yangu ndiyo inamuua."

"Hapana, mama. Hukula kitu, hukufanya kitu, wala usingeweza kuzuia. Na hafi. Niwaambie ninachokiogopa mimi, ili msiogope vingine. Bilirubini ikizidi mno inaweza kupenya kwenye ubongo. Ikikaa huko inaharibu, na kilichoharibika hakirudi: mtoto anaweza kupoteza usikivu, mwili ukakakamaa. Hatujafika huko. Kumi na tano bado iko mbali na huko. Tunaanza mapema ili tusifike." Akaonyesha kwa kalamu mstari wa pili, juu kabisa ya karatasi. "Kwa umri wake na damu yake, mpaka wa pili uko karibu na ishirini. Akiukaribia licha ya taa, tutambadilishia damu: tunatoa yake kidogo kidogo, tunamtia nyingine. Ni kazi nzito, na sitaki tuifikie. Ana usingizi, ndiyo, lakini nimemwamsha, analia vizuri, shingo na mgongo viko laini. Hizo ni habari njema."

Mkewe akauliza kama jua la asubuhi lisingetosha. Daktari akatikisa kichwa: mtoto akiwekwa juani mpaka mwanga wake ufanye kazi, atakuwa ameshaungua na kupungukiwa maji, na kwenye kivuli mwanga huo hautoshi kwa mtoto kama huyu. Taa za hospitali hutoa mwanga wa buluu uliochaguliwa. Mwanga huo hupita kwenye ngozi na kuibadilisha bilirubini, ikaweza kutoka na mkojo na choo bila kulisubiri ini. Ngozi yote ioneshwe mwanga, macho yafunikwe, mama anyonyeshe kila baada ya masaa mawili, matatu, hata kwa kumwamsha.

Basi mtoto akalazwa uchi ndani ya kisanduku cha kioo, amebaki na nepi na kitambaa cheupe machoni, buluu imemwagika juu yake. Jicho alisimama pale muda mrefu. Alizijua buluu zote za madukani, na hii hakuwa na jina lake. Mama mkwe alikaa ukumbini na kikapu chake, hakutaka kuingia. Jicho alimpita mara mbili akienda na kurudi, na mara zote mbili alitazama sakafu.

Kipimo cha usiku kikaja kumi na sita na nukta nne. Wakaongeza taa ya pili, ikamulika kwa chini kupitia godoro la plastiki angavu.

Asubuhi Jicho alirudi wodini baada ya kunawa uso, akainamia kioo, na moyo ukamruka. Manjano yalikuwa yameisha. Kifua cha binti yake, mapaja, mikono, vyote vimerudi rangi ya mtoto. Muuguzi alikuwa amezizima taa kwa muda ili mtoto anyonye, na katika mwanga wa dirisha Jicho aliangalia kwa lile jicho lake lote. Hakukosea. Rangi ilikuwa imeshuka madaraja matatu, au manne.

"Imetoka," akamwambia mkewe. "Mtazame. Imetoka yote."

Mkewe, ambaye kwa usiku mzima alimshika mtoto dakika za kunyonyesha tu, akamkumbatia kifuani akaanza kulia kwa furaha. "Wasimrudishe tena humo," alisema. "Waambie. Inatosha."

Jicho akamkabili muuguzi. Alizungumza kwa adabu, lakini alizungumza kama fundi anayemweleza mwenye nyumba. Rangi ni kazi yake. Mtoto amepona, yeyote mwenye macho anaona. Wampe mama yake apumzike naye, taa ziende kwa wengine wanaozihitaji. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Damu imeshaenda maabara, baba. Daktari yuko njiani," na akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mkewe hakumtoa. Wakabaki hivyo, watu wazima watatu na mtoto mmoja, mpaka daktari akaingia.

"Kumi na saba na nukta moja," daktari akasema.

"Haiwezekani," Jicho akasema. "Tazama ngozi."

"Mama, mlaze kidogo hapa." Daktari akavaa miwani, akamlaza mtoto karibu na dirisha, akavuta pindo la nepi chini kidogo. Pale ambapo nepi ilifunika, ngozi ilikuwa manjano kabisa, imekatwa kwa mstari mnyoofu kama ukuta uliobandikwa utepe kabla ya kupaka. Akasogeza kitambaa cha macho. Pembeni mwa macho, manjano vilevile.

"Taa husafisha kwanza ngozi inayoipata," alisema. "Ndani ya damu bado. Mtoto akiwa chini ya taa, rangi yake haituambii kitu, si mimi, si wewe, si muuguzi wa miaka thelathini. Jana ningeweza kukisia kwa macho, na bado ningekosea. Leo hata kukisia siwezi. Tunaamini damu peke yake."

Jicho alitazama ule mstari wa nepi. Alikuwa ameuona maelfu ya mara kwenye kuta. Akaona aibu iliyoanzia masikioni ikashuka mpaka miguuni, na chini ya aibu kukawa na hofu, kwa sababu kama jicho lake lilikuwa limemdanganya asubuhi hii, basi lilimdanganya na jana. Alihesabu. Mama mkwe alimwita saa moja asubuhi. Hospitali walifika saa kumi na moja. Masaa kumi, bomba limefunguliwa, na yeye yuko ngazini anapaka.

"Daktari," alisema, "jana asubuhi mama aliona. Mimi nikamwambia ni ukuta. Tungekuja asubuhi ile, hii namba ingekuwa hapa?"

Daktari hakumpaka mafuta. "Mtoto akionekana manjano kabla hajatimiza siku moja, hatusubiri hata saa moja. Mngekuja, tungeanza taa mapema, na namba huenda ingekuwa chini zaidi. Lakini hamjachelewa. Jana alipanda haraka, usiku amepanda polepole. Taa zinafanya kazi. Nimeagiza damu iwe tayari, kama tahadhari. Saa saba mchana tunapima tena. Ikiwa chini ya hii, tumeshapita pabaya."

Mkewe mwenyewe ndiye aliyemrudisha mtoto ndani ya kioo.

Jicho akatoka ukumbini. Mama mkwe alikuwa pale pale, mikono juu ya kikapu. Akaketi kando yake.

"Mama, jana uliona sawasawa. Nimekukosea. Nimemkosea na mtoto."

Mama mkwe akavuta pumzi. "Umenikosea, ndiyo," akasema. "Lakini usijitwike peke yako. Wewe ulikosea kwa kudhani unajua. Mimi niliona, nikajua nimeona, nikanyamaza. Nikasema moyoni, huyu ndiye fundi, nisije nikaonekana mama mkwe wa maneno mengi. Kutwa nzima nimekaa na mtoto mkononi naogopa kuonekana mbaya kwako." Akavuta kikapu karibu. "Akiharibika mjukuu wangu, ni kwa hilo."

Jicho alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe binti yake, na wakakaa hivyo watu wakipita na ndoo na vitanda vya magurudumu.

Saa saba ikafika, damu ikachukuliwa. Saa saba na nusu haijajibiwa. Mkewe alinyonyesha, akarudisha, akasimama kando ya kioo akitaja jina la Mungu kwa midomo tu. Daktari alipokuja alikuwa anatembea mwendo wake wa kawaida, na Jicho alishindwa kusoma chochote usoni mwake.

"Kumi na sita na nukta tisa," akasema. "Imegeuka."

Nukta mbili tu! Jicho aliinama akashika magoti kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa mbio. Mama mkwe, aliyekuwa amesogea mpaka mlangoni, akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa.

Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa kushuka. Alhamisi asubuhi kumi na nne na kidogo. Mtoto akaanza kudai titi kwa makelele, choo kikageuka kutoka kijani kizito kikawa cha njano, na nepi za mkojo zikaongezeka mpaka mkewe akaanza kulalamika kwa raha. Ijumaa kumi na mbili na nukta moja, mbali chini ya mstari, na daktari akazizima taa zote mbili. Jicho akataka kufungasha. Daktari akamzuia. Taa zikizimwa, alisema, bilirubini hupenda kupanda tena kidogo, na kwa mtoto ambaye damu yake ilikuwa inavunjwa ni lazima waone imepanda kiasi gani. Walale usiku mmoja zaidi bila taa, kesho wapime.

Jumamosi mkewe akamfukuza aende kazini akamalize zile ngazi, kwa kuwa kusimama kwake wodini kulikuwa kunamchosha kila mtu. Alikwenda. Alikuwa amepanda ngazi ya mbao anapaka kona ya dari ndipo simu ikaita.

"Baba yake." Mkewe alikuwa analia. "Kumi na mbili na nukta nane. Muuguzi ameniambia hivi sasa, daktari hajapita. Imepanda. Jana ilikuwa kumi na mbili na moja, leo nane. Imepanda tena. Watamrudisha kwenye kile kioo."

Jicho akashikilia ngazi kwa mkono mmoja. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa kuuliza: anaonekanaje? Rangi yake ikoje? Alilisikia neno hilo likifika mdomoni, akalimeza.

"Ana masaa mangapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mtoto. Leo ana masaa mangapi?"

Mkewe akahesabu. Jumatatu saa mbili, Jumanne saa mbili. "Mia moja na kumi na tisa. Karibu mia na ishirini."

"Siku tano."

"Siku tano," mkewe akasema, na kilio kikapungua.

Jicho akafumba macho, yote mawili, ili aione ile karatasi: mstari unavyopanda na unavyolala, hata ule wa chini uliokuwa wa binti yake, kwenye siku ya tano. Kumi na nane, daktari alikuwa amesema. Kumi na mbili na nukta nane iko chini kwa tano nzima. Imepanda nukta saba kwa siku moja, na daktari alishawaambia itapanda kidogo. Alimweleza mkewe yote hayo polepole, kama alivyoelezwa yeye, na alisikia pumzi yake ikitulia upande wa pili. Sauti yake mwenyewe ilikuwa tulivu.

"Kwa hiyo tunaenda nyumbani?" mkewe akauliza.

Moyo wake wote ulitaka kusema ndiyo.

"Sijui," akasema. "Usinisikilize mimi. Mngoje daktari."

Akabaki juu ya ngazi, simu sikioni, mkewe naye hakukata. Wakasubiri pamoja, mpaka akasikia mlango wa wodi ukifunguliwa kule, na mkewe akimsalimia daktari.